Barua Iliyosubiri Kuvunja Jungu

Habari ilimfikia Evarista akiwa ameinamia beseni, mtoto mgongoni, povu hadi viwikoni. Jirani yake Gertruda alisimama mlangoni na ndoo tupu, maana alikuwa anakwenda kisimani, lakini habari ile ilikuwa nzito kuliko ndoo.

"Umesikia? Mwinshehe wa mjini anafanywa balozi."

"Balozi wa nani?"

"Wa Wafaransa! Ameletewa barua na karani kutoka Unguja, imepigwa lakiri nyekundu pana kama riali. Karani mwenyewe kavaa koti. Wanasema ndani mna cheo, na mshahara, na bunduki ya kupigia mizinga siku ya sikukuu."

"Bunduki haipigi mizinga, dada Gertruda."

"Basi hata mzinga wenyewe. Mimi nakwambia nilivyoambiwa."

Evarista alikamua nepi akaitundika. Mwinshehe alimjua. Alikuwa Mshomvi, mwenyeji wa pwani ile, mtu wa makamo, mnene wa kadiri, mwenye duka dogo karibu na kambi ya mapagazi, akiuza ushanga, nyuzi za shaba na nguo za merikani kwa misafara iliyokuwa ikienda bara. Mkewe, Bi Mwanvita, alikuwa mteja wa Evarista. Kila mwaka humletea ukaya wake wa kujifunika kichwa amtilie nakshi pembeni. Watu wema, wakarimu, na wenye kupenda mambo makubwa kidogo kuliko mlango wao.

"Na barua inasemaje?" aliuliza.

Gertruda aliinamisha kichwa, akapunguza sauti kana kwamba kuta za misheni zina masikio. "Hapo ndipo penye utamu. Haijafunguliwa. Leo siku ya kumi."

*

Haikufunguliwa kwa sababu ya Mwalimu Msabaha. Huyu alijua nyota, na mtu yeyote wa mjini mwenye jambo la kuanza, awe anachimba msingi au anaozesha, alimwendea kwanza kuuliza siku. Mwinshehe alipomwendea na barua yake ndani ya kitambaa cha hariri, Msabaha alichora mchangani, akahesabu, akafuta, akahesabu tena, kisha akasema siku njema ya kuvunja lakiri ile ni siku ya mwisho ya Shaabani, siku ya kuvunja jungu, watu wanapokula na kushiba kwa kuuaga mwezi kabla ya mfungo.

"Heri na karamu zije pamoja," alisema Msabaha, ambaye alikuwa hajaalikwa bado.

Kwa hiyo barua ilikaa siku nyingi juu ya rafu, kati ya msahafu na sahani ya Kichina. Watu walikuja kuitazama. Mwinshehe aliishusha kwa mikono miwili, akawaonyesha lakiri, akairudisha. Wengine waliomba kuinusa. Ilikuwa na harufu ya tumbaku na ya mahali pa mbali.

Swali likabaki la msomaji. Msabaha alisoma Kiarabu, na herufi hizi zilikuwa za Kizungu. Mabaniani wa sokoni walikuwa wajuzi wa barua, lakini Mwinshehe hakutaka Baniani ajue cheo chake kabla yake. Padri je? Padri ni Mfaransa. Angeweza kuichukua ile heshima njiani. Ndipo Bi Mwanvita akasema, "Yuko yule binti wa misheni anayenitilia nakshi. Huwasomea masista barua zao."

Ilikuwa kweli. Evarista aliletwa misheni akiwa mdogo, amekombolewa sokoni pamoja na wenzake, hajui hata jina la kijiji chao. Shule yake ilikuwa ya kusoma, kuandika, hesabu kidogo na kushona sana. Lakini miongoni mwa masista alikuwepo mmoja mzee ambaye macho yalimfifia, na huyo alimfanya Evarista kuwa macho yake. Kwa miaka mitatu msichana alimsomea barua za kwao Ufaransa. Karibu zote hazikuwa na salamu za upendo. Kaka wa sista na binamu yake walikuwa wakigombea shamba la mizabibu, na kila meli ilileta barua ya mawakili. Evarista alijifunza Kifaransa cha sala kanisani, na Kifaransa cha vitisho kwenye kiti cha sista yule. Alipoolewa na Wilbrodi, fundi seremala wa misheni, alidhani hicho cha pili hatakihitaji tena maishani.

*

Siku ya kuvunja jungu ikawa Jumanne. Nyumba ya Mwinshehe ilikuwa ya mawe, na mawe yenyewe aliyaongeza mwaka kwa mwaka. Upande mmoja ulikuwa bado udongo. Barazani wanaume walijaa. Uani wanawake walikuwa na sufuria za pilau ambazo kwa hesabu ya Evarista zingelisha msafara hadi Tabora. Alikuja na mtoto wake, Hieronimo, wa miezi saba, amemfunga kifuani. Wakamkalisha penye kizingiti cha ndani, ili wanaume wamsikie na wanawake wasimkose.

"Shikamoo, baba," alimwambia Mwinshehe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekula?"

"Bado, baba."

"Vema. Utakula kwa furaha."

Mwinshehe alikuwa amevaa kanzu mpya na joho la kuazima. Alisimama, akasema maneno marefu juu ya babu zake, ambao nao, kumbe, walikuwa na marafiki wengi wa ng'ambo. Msabaha akasoma dua. Kisha kisu kidogo kikapitishwa chini ya lakiri, ikakatika kwa sauti ya kuni kavu, na wanawake wakapiga vigelegele kabla hawajajua wanachopigia.

Evarista akaifungua karatasi. Juu, kwa herufi zilizochapwa, palikuwa na majina mawili, na chini yake neno alilolijua kama anavyojua harufu ya dawa chungu: mawakili. Mji, Marseille. Macho yake yakashuka haraka mistari kumi, kumi na tano.

"Soma, mwanangu!"

Akasoma mstari wa kwanza kwa Kifaransa, kisha akaueleza kwa Kiswahili, kwa sababu huo ulikuwa salama. "Wanasema: Bwana, tuna heshima ya kukuarifu..."

"Heshima!" Mwinshehe aligeukia baraza. "Mmesikia? Neno la kwanza, heshima!"

"Allahu akbar," alisema Msabaha, akijisogeza karibu na sinia.

Vigelegele vikapanda tena. Evarista alijua desturi ya mawakili wale: hawawezi kumfukuza mtu nyumbani kwake bila kumwambia kwanza kwamba wana heshima ya kumfukuza. Lakini hilo utalielezaje mbele ya watu arobaini na pilau inapoa? Akamtazama Mwinshehe. Kilemba kilikuwa kimemkaa upande kwa furaha. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, barua hii ingefaa isomwe ndani."

"Ndani kwa nini? Mimi sina siri na watu wangu."

"Ni ndefu, baba."

"Sisi tuna wakati. Soma!"

Mtoto Hieronimo akalia. Evarista alimshukuru kimoyomoyo, akambembeleza, na katika kumbembeleza akapata wazo. Macho yake yalikwenda mwisho wa ukurasa wa pili. Akainua sauti: "Na mwisho wanasema: Pokea, Bwana, hakikisho la heshima yetu kubwa kabisa."

"Mwanzo heshima, mwisho heshima!" Mwinshehe alikaa kitako kama mtu aliyepigwa na mapenzi.

"Na katikati, baba," Evarista aliendelea haraka, "katikati mna mambo ya watu wawili tu, yao na yako. Hawa wakubwa hawapendi katikati pao pasikike barazani."

Baraza likatikisa vichwa. Ilieleweka. Kila mkubwa ana katikati yake. Msabaha akasema, "Basi sisi tule huku, yeye akapewe katikati yake huko," na mkono wake ukawa wa kwanza kwenye sinia.

*

Chumbani walikuwa watatu: Mwinshehe, Bi Mwanvita, na Evarista akimnyonyesha mtoto chini ya kanga. Kwenye pembe ya ukuta yalirundikana magunia tisa ya ushanga, yamefika hadi darini.

"Haya," alisema Mwinshehe. "Cheo gani?"

"Baba, si cheo. Ni madai."

Alimweleza polepole, bila kuongeza wala kupunguza, kama sista mzee alivyomzoeza. "Mawakili hawa wameajiriwa na nyumba ya biashara ya Marseille. Wanasema mwaka jana uliagiza magunia tisa ya ushanga kwa wakala wao wa Unguja. Ushanga umefika, umeupokea, hujalipa. Deni ni faranga elfu mbili, yaani kama riali mia nne. Wanasema wamekwisha kukuandikia barua mbili nyuma, hukujibu."

"Barua mbili? Mimi sikuona barua."

Bi Mwanvita alitazama darini. "Zile mbili zisizo na lakiri? Ulisema salamu tu. Moja nilizibia tundu la panya."

Mwinshehe aliketi juu ya gunia. Gunia likatoa sauti ya mvua ndogo. "Lakini ushanga wenyewe si niliouagiza! Niliagiza samesame, mdogo, mwekundu unaowaka. Wameniletea haya mashanga ya rangi ya matofali, makubwa kama kunde! Nani bara atavaa haya? Mnyamwezi nilimwonyesha, akaniuliza kama ni dawa ya kuku."

"Uliwaambia hivyo, baba?"

"Niliwaambia! Nilimwambia nahodha Hija aliyeuleta, akamwambie yule Mzungu."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo, tena mbele ya watu, pwani!"

"Mzungu husikia kwa macho, baba," alisema Evarista. Halafu akaona haya, maana lilikuwa neno la mtu mzima kuliko yeye. Lakini Mwinshehe hakukasirika. Alikuwa anaanza kuogopa, na kilemba chake kilianza kuogopa pamoja naye.

"Sasa sikilizeni siku. Barua hii imejaa siku," alisema Evarista.

Akaomba ushanga. Bi Mwanvita akatoboa gunia kwa kijiti, ukamiminika kwenye ungo. Evarista akapanga juu ya mkeka punje kumi na tano katika mstari mmoja, na chini yake punje thelathini katika mstari wa pili.

"Huu mstari mfupi ndio siku kumi na tano za kwanza. Wanasema: kama una neno juu ya bidhaa, kwamba ni mbovu au si kama kigezo, yaani ule mfano uliopewa, ulilete kwa maandishi kwa wakala Unguja, pamoja na kigezo chenyewe, ndani ya siku hizi. Ukilileta, madai yanasimama mpaka ushanga ukaguliwe. Usipolileta, watahesabu kwamba umeukubali ushanga, na huna neno tena, hata kama ungekuwa kunde kweli."

"Na huo mrefu?"

"Siku thelathini za kulipa. Zikipita bila malipo na bila neno, kesi itapelekwa kwa balozi wa Ufaransa Unguja. Yeye hawezi kukuhukumu, wewe ni mtu wa Seyyid, Sultani wa Unguja. Ataiweka mbele ya Seyyid, na amri itarudi kwa liwali hapa. Na juu ya deni kutakuwa na riba, sita kwa kila mia kwa mwaka, kuanzia siku ulipopokea barua hii. Na gharama zao zote juu yako." Akageuza ukurasa. "Wametaja nyumba, baba. Wanasema wanajua unayo nyumba ya mawe."

Huko barazani mtu alicheka, kijiko kikagonga sufuria. Mwinshehe aliutazama ukuta wa mawe, kisha ule wa udongo, kama baba anayehesabu watoto.

"Nusu ni udongo," alisema taratibu. "Waambie nusu ni udongo."

"Ndiyo, baba. Lakini kwanza tuhesabu."

Evarista akaendelea, "Hizi siku zinaanza kuhesabiwa tangu ulipopokea. Ulitia sahihi katika daftari la karani?"

"Nilitia. Kwa wino wake."

"Siku gani?"

Mwinshehe alifikiri. "Ijumaa. Usiku wa Ijumaa. Maghrib ilikuwa imekwisha kusaliwa, tena nakumbuka nilifurahi imekuja siku ya Ijumaa."

Evarista akageuza bahasha. Nyuma karani alikuwa ameandika tarehe: kumi na mbili, mwezi wa tano. Akahesabu kwa sikukuu za kanisa, maana hiyo ndiyo kalenda aliyolelewa nayo. Kupaa kwa Bwana kulikuwa Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na tisa. Basi kumi na mbili ni Alhamisi iliyotangulia.

"Baba, wao wameandika Alhamisi."

"Jua lilikuwa limezama! Jua likizama ni kesho yake, mtoto mdogo anajua."

"Kwetu pwani ndiyo. Kwao siku inaisha usiku wa manane. Ulipotia sahihi, kwako ilikuwa Ijumaa, kwa karani ilikuwa bado Alhamisi."

"Yeye alikuwa amesimama hapa hapa mlangoni kwangu! Siku ya mlangoni kwangu ni yangu!"

"Lakini daftari ni lake, baba."

Evarista akaanza kuondoa punje: Ijumaa ya kwanza, Jumamosi, Jumapili, mpaka leo Jumanne. Punje kumi na mbili zikaingia ungoni kwa mlio mdogo mdogo. Mkekani zikabaki tatu.

"Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Ijumaa hii, kabla ofisi haijafungwa, ndio mwisho."

"Na mimi nilikuwa nimesema moyoni, basi nitakwenda baada ya Idi," alinong'ona Mwinshehe. "Nani anasafiri kwa biashara katika mfungo?"

"Barua haijui Ramadhani," alisema Evarista.

Bi Mwanvita alitia kidole kwenye zile punje tatu. "Kumi na mbili tumezila kwa kuitazama," alisema. "Tumeiweka karibu na msahafu. Na huyo Msabaha yuko huko nje anakula mapaja."

*

Ikabaki kigezo. Mwaka jana wakala alimpa Mwinshehe kamba moja ya samesame, fundo limefungwa kwa lakiri yenye muhuri wa nyumba ya biashara, kusudi ushanga utakaokuja ulinganishwe nao. Bila kamba ile, neno lake lingekuwa neno tu. Mwinshehe alifungua sanduku. Akatoa kanzu, akatoa ubani, akatoa saa isiyokwenda. Kamba hakuna. Alifungua la pili. Alipanda darini akashuka na utando wa buibui kwenye joho la watu.

"Nimeiweka wapi? Mwanvita, ile kamba nyekundu, yenye lakiri?"

Bi Mwanvita alitazama upande wa dirisha, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Mwanvita?"

"Si ulinipa," alisema.

"Nilikupa uitunze!"

"Nimeitunza."

"Wapi?"

Bi Mwanvita alimtazama Evarista kama mwanamke anavyomtazama mwanamke, na Evarista akaelewa, akainamia kichwa cha mtoto ili asionekane anacheka. Bi Mwanvita alinyanyuka kwa heshima zote, akaingia nyuma ya pazia. Zilisikika nguo. Akarudi na kamba ya samesame mkononi, nyekundu, inawaka, na bado ina joto.

Mwinshehe aliipokea kwa viganja viwili. "Kiunoni?"

"Ulisema hii ndiyo samesame ya kweli. Nikasema kwa nini ikae sandukuni."

"Na lakiri?"

"Lakiri sikuigusa. Nilidhani ni hirizi." Kweli, muhuri ulikuwa mzima, umelainika kidogo pembeni kwa mwaka mzima wa kukaa mahali pazuri. "Kila nilipoinama ilinichoma. Nikasema, hirizi yenye nguvu."

Hapo Mwinshehe akacheka. Alianza polepole, halafu tumbo likamchukua, akacheka mpaka machozi, na barazani wakasikia, wakaambiana kwamba mshahara lazima ni mkubwa sana.

Evarista akaandika. Karatasi ilitoka kwa Baniani wa jirani, kalamu ilikuwa yake mwenyewe, aliibeba daima pamoja na sindano. Mtoto alimpa Bi Mwanvita, ambaye kiuno chake sasa kilikuwa chepesi. Aliandika kwa Kifaransa cha mawakili wa shamba la mizabibu: kwamba bidhaa zilizoletwa si sawa na kigezo, kwamba kigezo, na muhuri wa wakala juu yake, kimeambatishwa, kwamba magunia tisa yapo, moja tu limetobolewa kidogo, na wakala anakaribishwa kuja kuyakagua wakati wowote, kwamba kwa hiyo Bwana Mwinshehe anapinga madai na hatalipa mpaka ukaguzi. Alimsomea kila mstari kwa Kiswahili. Mwinshehe akatia sahihi kwa Kiarabu, chini. Kisha Evarista akaandika tena yote upya.

"Mbili za nini?"

"Moja utawaachia. Hii nyingine karani aitie sahihi na tarehe, urudi nayo. Usikubali neno 'nimepokea' kwa mdomo. Wewe ulitia sahihi kwao, nao watie kwako. Na jambo jingine, baba. Wakikwambia lipa kidogo tu, riali kumi, ili tukusubiri, usilipe. Ukilipa kidogo, umekiri lote. Kaka wa sista alilipa kidogo, na mizabibu ikaenda."

"Mizabibu gani?"

"Ni habari ndefu, baba."

Nje, Msabaha alikuwa anaulizia kama katikati pamekwisha kusomwa, kwa sababu halua ilikuwa imeletwa.

"Pamekwisha," alisema Mwinshehe, akitoka barazani na kilemba kimenyooka. "Wananiita Unguja kesho alfajiri. Kwa haraka."

"Kesho?" Msabaha aliacha halua. "Kesho Jumatano. Siku nzito ya kusafiri, bwana. Ngoja Jumamosi."

"Mwalimu," alisema Mwinshehe, na mkewe baadaye alisema hakuwahi kumsikia akitamka neno lile kwa sauti ile, "kula."

*

Alirudi Jumapili, koo limekauka kwa mfungo na midomo ikichekacheka. Alikuja mwenyewe hadi kijiji cha misheni, akasimama nje ya nyumba ya Wilbrodi, akasimulia kwa ishara ili wapita njia nao wafaidi.

Alifika Unguja Alhamisi. Karani yule yule wa koti akamwambia, bwana mkubwa yuko shamba, njoo Jumamosi. Mwinshehe akamjibu, Jumamosi sina, ninayo Ijumaa. Karani akasema, basi acha karatasi hapa. Mwinshehe akasema, tia sahihi. Karani akasema, sisi hatutii sahihi karatasi za wateja. Mwinshehe akakaa mlangoni. "Nilikaa, mwanangu. Wanaume watatu waliniruka wakiingia. Sikula, sikunywa, watu wakadhani nimekuja kuomba dua." Ijumaa, alasiri, yule wakala Mzungu mwenyewe akarudi kutoka shamba, akamkuta, akamuuliza anataka nini. Mwinshehe akamwekea mezani kamba na konzi ya mashanga ya matofali. Mzungu alitazama hiki, akatazama kile. Akavaa miwani. Akamuuliza kwa nini lakiri imeyeyuka upande mmoja.

"Ukamwambiaje, baba?"

"Nikamwambia ilitunzwa mahali pa siri sana." Alifungua bindo, akatoa ile karatasi ya pili. Pale chini palikuwa na sahihi, na tarehe: ishirini na saba. "Amesema madai yanasimama. Atawaandikia wenzake Marseille. Mpaka jibu lije, hakuna balozi, hakuna liwali, hakuna mtu wa kugusa nyumba."

Evarista alishika karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuisoma. Kisha akamrudishia, akamwambia aiweke sandukuni, na ufunguo ampe Bi Mwanvita.

Mfungo ukapita, Idi ikapita. Mvua chache zikaanguka nje ya msimu. Hieronimo akaota meno mawili, akaanza kutambaa na kula kila kilichoanguka, ikiwemo punje moja ya ushanga wa matofali iliyomrudia baada ya siku mbili bila madhara. Mjini watu walikwisha kumwita Mwinshehe "Balozi", wengine kwa utani, wengine kwa kuwa hakuna aliyewaambia vingine. Yeye hakuwakataza sana.

Mwezi wa tisa, asubuhi, Evarista alikuwa amepiga magoti anapangusa mtoto uso, mara akasikia pumzi za mtu mnene aliyekimbia. Mwinshehe alikuwa mlangoni, hana joho, hana kilemba, kofia tu, na mkononi ameshika barua. Lakiri yake ilikuwa nyekundu, pana, na nzima. Nyuma yake, mbali kidogo, wanawake wawili walikuwa wanamfuata na sahani tupu, maana barua ya Mwinshehe ilikwisha kujulikana.

"Shikamoo, baba. Imefika lini?"

"Sasa hivi! Karani hajapanda hata chombo. Ameniambia kwa mdomo kwamba wanauchukua ushanga wao, na mimi nilipe ubebaji tu, riali sita." Alifuta jasho. "Lakini mimi na mdomo tumeachana."

"Na Mwalimu Msabaha anasemaje juu ya siku?"

"Sijamuuliza." Aliitia barua mikononi mwake, akaketi pale pale chini, mlangoni, kama mtu atakayekaa mpaka Ijumaa. "Mlaze mtoto, mwanangu. Vunja lakiri, nisomee sasa hivi, heshima zao ziruke. Na kama mna siku ndani yake, anza na siku."